Siku za madeni: kuzikokotoa kutoka ankara na malipo, na namba ikipanda inasema nini

Mwisho wa Juni siku za madeni zilikuwa 52. Mwisho wa Septemba zikawa 52 tena. Mama mwenye duka la jumla la sabuni na dawa za usafi hapa Arusha, ambaye namfungia hesabu kila mwezi, aliziangalia namba mbili hizo akasema, “Basi hatujaharibu.” Kumbe ndani ya miezi mitatu hiyo, pesa iliyopitiliza muda wa kulipwa ilikuwa imetoka milioni 5 ikafika milioni 23. Namba moja ilisimama palepale huku hali chini yake ikigeuka.

Siku za madeni, ambazo kwenye programu nyingi za uhasibu utazikuta zimeandikwa DSO, zinajibu swali moja: pesa iliyoko kwa wateja ni sawa na mauzo ya siku ngapi? Unachukua deni lote la wateja siku ya kufunga hesabu, unaligawa kwa mauzo ya mkopo ya kipindi, unazidisha kwa siku za kipindi hicho. Hesabu ni ya darasa la sita. Kazi iko kwenye kuhakikisha vitu viwili unavyogawanya ni vya kweli, halafu kwenye kuisoma namba ikishatoka.

Nitatumia hesabu za duka hilo, nikizikata ziwe milioni kamili ili zifuatike. Wateja wake ni hoteli, kambi za watalii, shule na zahanati. Wote wanachukua mzigo kwa mali kauli, muda wa kulipa ni siku 30 tangu tarehe ya ankara.

Hatua ya 1: ankara upande mmoja, malipo upande mwingine

Fungua karatasi mbili kwenye Excel. Ya kwanza iite Ankara: safu A namba ya ankara, B mteja, C tarehe, D kiasi pamoja na VAT, E salio. Ya pili iite Malipo: A tarehe pesa ilipoingia, B namba ya ankara iliyolipiwa, C kiasi. Malipo ya nusunusu hayana shida, kila awamu inachukua mstari wake. Mteja akilipa ankara tatu kwa hundi moja, igawe hundi hiyo mistari mitatu.

Kwenye Ankara, seli H1, andika tarehe unayofungia hesabu. Salio la kila ankara siku hiyo ni hili:

```
=D2-SUMIFS(Malipo!$C:$C,Malipo!$B:$B,A2,Malipo!$A:$A,"<="&$H$1)
```

Kipande cha mwisho, kile cha tarehe, ndicho watu wengi huruka. Wanakaa tarehe 12 Oktoba kufunga hesabu za Septemba, wanachukua salio kama lilivyo siku hiyo, na malipo ya siku 12 za Oktoba yanakuwa yameshaingia humo. Deni linaonekana dogo kuliko lilivyokuwa. Mwezi unaofuata wanakaa tarehe 4, na deni “linapanda”. Hakuna kilichopanda, ni tarehe ya kukaa mezani tu iliyobadilika.

Deni lote na mauzo ya robo mwaka yanatoka hivi:

```
=SUMIFS(E:E,C:C,"<="&$H$1)
=SUMIFS(D:D,C:C,">="&DATE(2025,7,1),C:C,"<="&$H$1)
```

Hatua ya 2: safisha salio kabla ya kugawa

Hapa ndipo mimi hutumia nusu ya muda wangu. Salio la kwenye kompyuta karibu kila mara lina vitu visivyo deni.

Cha kwanza ni pesa iliyoingia ikakosa mwenyewe. Mteja amelipa kwa Lipa Namba, ujumbe umekuja na jina la mtunza stoo wake, hakuna namba ya ankara. Pesa iko benki, ankara bado iko wazi. Pitia taarifa ya benki na ya simu mstari kwa mstari mpaka kila shilingi ipate ankara yake. Hundi ya tarehe ya mbele usiiandike kama malipo mpaka benki iipitishe, hata kama imo ndani ya droo yako na umeshaihesabia mishahara.

Cha pili ni kodi ya zuio. Ukiuza bidhaa kwa taasisi ya serikali, wanakata asilimia 2 ya bei kabla ya VAT na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ankara ya bidhaa za 5,000,000 na VAT 900,000 ni 5,900,000, lakini ukikatwa zuio hilo peke yake utapokea 5,800,000. Ile 100,000 haitakuja benki kamwe. Usipodai cheti cha zuio na kuiandika, itakaa kwenye orodha ya madeni mwaka hadi mwaka. Nimewahi kukuta zahanati moja “inadaiwa” ankara 31, zote ni vipande vya asilimia 2.

Cha tatu ni mzigo uliorudishwa bila kuandikiwa hati ya kupunguza deni. Hiki tutakutana nacho mbele.

Upande wa mauzo, ondoa mauzo ya taslimu, maana hayakuwahi kuwa deni. Na VAT iwe pande zote mbili au isiwepo kokote. Deni la mteja lina VAT ndani, ila mauzo kwenye taarifa ya faida na hasara hayana. Ukichukua deni kutoka kitabu kimoja na mauzo kutoka kingine, siku zinavimba kwa asilimia 18. Kwa duka letu, 52 ingesomeka 61, na siku tisa hizo ungezitafuta kwa wateja usizipate.

Hatua ya 3: kokotoa

Mauzo ya mkopo, kwa mamilioni, VAT ikiwamo:

| Aprili | Mei | Juni | Julai | Agosti | Septemba |
|---|---|---|---|---|---|
| 12 | 10 | 20 | 30 | 36 | 40 |

Anayeijua Arusha ataisoma jedwali hii bila kuelezwa. Aprili na Mei ni masika, kambi nyingi zimefungwa au zinapaka rangi. Juni wageni wanaanza kushuka, na kuanzia Julai hoteli zinafua mashuka usiku na mchana.

Deni tarehe 30 Juni lilikuwa milioni 24, tarehe 30 Septemba milioni 60.

```
Juni:      24 / 42  x 91 = 52
Septemba:  60 / 106 x 92 = 52
```

Hiyo ndiyo 52 na 52 aliyoiona Mama.

Hatua ya 4: ikate namba vipande viwili

Namba hii moja imebeba mambo mawili yasiyofanana. Kuna ankara ambazo siku yake haijafika, hizo mteja hana kosa lolote. Na kuna ankara zilizopitiliza. Fomula ya deni lililopitiliza, kwa muda wa siku 30:

```
=SUMIFS(E:E,C:C,"<"&($H$1-30))
```

Juni, katika milioni 24, ankara zilizopitiliza zilikuwa milioni 5 tu, nyingine 19 zilikuwa bado mbichi. Septemba, katika milioni 60, mbichi ni 37 na zilizopitiliza ni 23. Sasa gawa kila kipande kwa mauzo yaleyale:

```
Juni:      19/42  x 91 = 41     5/42   x 91 = 11
Septemba:  37/106 x 92 = 32     23/106 x 92 = 20
```

Juni, siku 41 kati ya 52 zilikuwa za ankara mbichi. Zilikuwa nyingi kwa sababu karibu nusu ya mauzo ya robo nzima yalifanyika mwezi wa mwisho, na ankara ya juzi haiwezi kuwa imelipwa. Septemba mauzo yalikuwa yamesambaa vizuri kwenye miezi mitatu, kwa hiyo siku za ankara mbichi zilishuka hadi 32. Nafasi iliyoachwa wazi ikajazwa na madeni sugu. Jumla ikabaki ileile.

Kinyume chake pia hutokea. Ukiwa na mauzo makubwa mwezi wa mwisho wa robo, siku za madeni zitapanda hata kama kila mteja analipa siku ya thelathini na moja asubuhi. Ndiyo maana mimi sikubali kumpelekea mtu namba ya jumla peke yake. Namba ya kuogopa ni ile ya pili, iliyotoka 11 ikafika 20.

Kama unataka kuhakiki bila kutegemea urefu wa kipindi, hesabu kurudi nyuma. Chukua deni la milioni 60, toa mauzo yote ya Septemba, 40: hizo ni siku 30. Zimebaki 20, ambazo ni sehemu ya 36 za Agosti, yaani siku 17 kati ya 31. Jumla 47. Fanya hivyohivyo kwa Juni: 24 toa 20 ni siku 30, zilizobaki 4 kati ya 10 za Mei ni siku 12, jumla 42. Njia hii haidanganywi sana na msimu, na hapa inakuonyesha kupanda kwa siku tano ambako mgawanyo wa kawaida ulikuficha. Upungufu wake ni kwamba inalichukulia deni lote kuwa ni la ankara za karibuni. Ankara ya Aprili ambayo haijalipwa haitaiona kama ya Aprili.

Ukishapata siku zilizopitiliza, zigeuze ziwe pesa, kwani mwenye duka anaelewa pesa kuliko siku. Mauzo ya milioni 106 kwa siku 92 ni takribani milioni 1.15 kwa siku. Siku tisa zilizoongezeka ni milioni 10 na ushee, karibu sawa na mauzo yote ya Mei. Kisha kuna lile linalouma zaidi: VAT. Ritani ya mwezi inapelekwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, mteja awe amekulipa au hajakulipa. Katika milioni 23 zilizopitiliza, VAT ni milioni 3.5, na zote zilikuwa zimeshatoka mfukoni mwa duka. Mama alinyamaza kidogo nilipomweleza hapo. Kumbe alikuwa amekopa benki Septemba hiyohiyo.

Hatua ya 5: toka kwenye namba, ingia kwenye majina

Siku zilizopitiliza zikipanda, watu husema “wateja siku hizi hawalipi”. Ni mara chache sana wote hawalipi. Panga deni lililopitiliza kwa mteja, kubwa juu, halafu kwa kila mmoja tazama *namna* anavyolipa. Namna ya kulipa inasema mengi kuliko anayoyasema kwenye simu.

Milioni 23 zilikaa hivi: hoteli moja milioni 11, shule moja milioni 4, na wengine kumi na tano wadogo milioni 8 kwa jumla yao.

Ile hoteli ilikuwa na ankara saba zilizolala, za Julai na Agosti. Nilipofungua malipo yake nikaona kitu: ankara nyingine za Agosti hiyohiyo ilikuwa imezilipa, kwa siku 35, kwa kiasi kamili mpaka senti. Yaani inalipa, ila inaruka baadhi. Mteja anayeruka ankara za nyuma na kulipa za mbele hana shida ya pesa, ana shida na karatasi. Tukazichapa zile saba tukaziweka pembeni ya zilizolipwa. Zilizolipwa zote zilikuwa na namba ya LPO, yaani ile hati ya oda anayoitoa mnunuzi. Zile saba hazina. Kuanzia Julai hoteli ilikuwa imebadili utaratibu wa manunuzi: ankara isiyo na namba ya LPO haiingii kwenye mfumo wao, inawekwa kwenye trei. Kijana wetu wa mauzo alikuwa akipokea oda kwa simu kutoka jikoni na kupeleka mzigo palepale, jambo ambalo kila mtu alimsifia. Nasi tulikuwa tukimpigia mhasibu wa hoteli kila wiki na kumuuliza “lini?”, naye akijibu “bado zinashughulikiwa”, na hakuna upande uliotaja LPO.

Mteja aliyeishiwa pesa hulipa kwa namna nyingine kabisa. Analeta pesa ya kukadiria, laki tano leo, milioni moja wiki ijayo, bila kusema ni ya ankara ipi, na mara nyingi siku ileile anayotaka mzigo mpya. Salio lake halifiki sifuri hata siku moja. Huyu hata ukimpelekea karatasi zilizokamilika namna gani haitasaidia, ni wa kumpunguzia mzigo na kumpangia awamu kwa maandishi. Kati ya wale kumi na tano, wawili walikuwa wa namna hii, wa laki kadhaa kila mmoja.

Waliobaki kumi na tatu walikuwa wamechelewa kwa siku chache zinazolingana, nane, tisa, kumi. Wengi wakichelewa kwa kiasi kimoja, jiangalie wewe kwanza. Ankara zetu zilikuwa na tarehe ya kupeleka mzigo, lakini zilikuwa zikipelekwa kwa wahasibu wa wateja kila Ijumaa nyingine, kwa bahasha. Mteja anahesabu siku 30 tangu alipopiga muhuri wa kupokea, sisi tunahesabu tangu mzigo uliposhuka. Hapo dawa ni kupeleka ankara siku ileile na kuondoka na nakala yenye muhuri. Kupiga simu zaidi kusingeleta chochote.

Shule ndiyo ile ya mzigo uliorudi. Ankara ya Aprili, milioni 4. Madumu kadhaa yalikuwa yanavuja, yakarudishwa na gari letu wenyewe, dereva akasaini hati ya kupokelea, na hati ikabaki kwenye dashibodi. Ofisini hakuna aliyejua, hivyo hati ya kupunguza deni haikuandikwa. Mhasibu wa shule akakataa kulipa hata sehemu ambayo haina ubishi, na kusema kweli ningekuwa mimi ningefanya vilevile. Tuliandika hati ya milioni 1.2, na milioni 2.8 zikalipwa baada ya siku sita.

Ukihesabu, zaidi ya nusu ya pesa iliyopitiliza ilikwama kwa makosa yetu. Kupanda kwa siku za madeni kunakuambia kuwa kuna kitu kimekwama mahali fulani kati ya stoo na benki. Aliyekwamisha ni nani, namba haijui.

Hatua ya 6: tazama upande wa malipo, kwa tahadhari

Kuna namba ya pili ambayo watu huichanganya na hii: pesa iliyoingia mwezi huu imechukua wastani wa siku ngapi tangu ankara. Kwenye Malipo, safu D:

```
=A2-VLOOKUP(B2,Ankara!A:C,3,FALSE)
```

Kisha chuja malipo ya mwezi mmoja, yanakili kwenye karatasi yake, ondoa mistari ya vyeti vya zuio na ya mizigo iliyorudishwa maana hiyo si pesa, na upate wastani unaozingatia ukubwa wa malipo:

```
=SUMPRODUCT(C2:C60,D2:D60)/SUM(C2:C60)
```

Usitumie wastani wa kawaida wa safu D. Ankara ya elfu themanini iliyolipwa siku ya tatu itaifunika ya milioni tatu iliyolipwa siku ya tisini.

Namba hii ni nzuri kwa kumjua mteja mmojammoja, ila kwa duka zima ina kasoro ya asili: inawahesabu waliolipa tu. Asiyelipa kabisa hayumo. Septemba ilisomeka 36, namba ya kupendeza, katika mwezi uleule ambao milioni 23 zilikuwa zimelala nje.

Zile ankara saba tulizirudisha hotelini zikiwa na namba za LPO, na wao hulipa kila tarehe 25. Tarehe 25 Oktoba milioni 11 zote ziliingia, zikiwa na wastani wa siku 74. Pamoja na milioni 30 za ankara za kawaida zilizochukua siku 34, wastani wa mwezi ukatoka 45. Siku mbili baadaye Mama akanipigia, karatasi iko mkononi.

“Mhasibu, Septemba 36, Oktoba 45. Si ulisema tumerekebisha?”

Nikamwomba aangalie salio la benki kwanza, halafu tuongee.